Fumbo moja, majibu sita: nani akatwe alama?

ChakiNyeupe (Njoro)

Walimu wenzangu, naomba tusaidiane kabla ya Ijumaa. Nafundisha Kiswahili kidato cha pili, darasa la wanafunzi 48. Nimeandaa somo la dabo, dakika 80, ambapo kila mwanafunzi anatunga fumbo lake la herufi, anabadilishana na mwenzake, wanafumbua, kisha tunasahihisha. Ni lile fumbo la kawaida: kila herufi ya ujumbe inavikwa herufi nyingine, ile ile tangu mwanzo hadi mwisho, na nafasi kati ya maneno haziguswi.

Dakika 15 za kwanza nafumbua moja ubaoni nao wakinisaidia. Dakika 25 wanatunga. Dakika 25 nyingine wanabadilishana na kufumbua. Dakika 15 za mwisho ni za kusahihisha. Wanatumia daftari la hesabu lenye miraba, herufi kubwa, herufi moja kwa kila mraba, na chini ya kila mstari wanaacha mstari mtupu ambao mfumbuaji ataandikia. Alama ni 20: uwazi 6, haki 8, kufumbua la mwenzako 6.

Wiki jana nililijaribu somo hili na kikundi kidogo wakati wa prepu, nikakwama kwenye haki. Msichana mmoja alitunga hili:

```
IZIZ ZLZJFKZ KZEFLAF LGMPM LZ KZKZ ZLZSYZ KZYFUZ KGFLF
```

Ujumbe wake ulikuwa BABA ANALIMA MAHINDI NJORO NA MAMA ANAUZA MAZIWA MJINI. Mwenzake alihangaika nalo karibu dakika ishirini, akaniletea KAKA ANAPIMA MAHINDI NJORO, na yaliyobaki yote yalikuwa sawasawa. Mtungaji akasema, "Ameshindwa, mwalimu, mkate alama." Nikalichukua daftari nimwonyeshe kijana alipokosea. Nikatazama herufi moja moja, sikupata pa kuweka kidole. Kila kitu kilikubaliana na fumbo.

Sasa nani akatwe alama?

---

HesabuMolo

Mwalimu, hapo tatizo ni urefu tu. Herufi 46 ni chache. Waambie waandike zisizopungua 100 na utata wote utaisha. Halafu wafundishe kuhesabu marudio ya herufi. Inayojirudia zaidi ni E, inafuata T, wakijua hivyo hawatababaika.

---

NyarDunga (Kisumu)

HesabuMolo, kuhesabu ni sawa kabisa. Mwanazuoni Al-Kindi aliieleza njia hiyo Baghdad katika karne ya 9, na hadi leo ndiyo ya kwanza tunayoshika. Lakini E na T ni za Kiingereza. Kwa Kiswahili anayeongoza ni A, tena kwa mbali. Hesabu fumbo la huyo binti: Z imetokea mara 14 kati ya herufi 46. Zinazomfuata, yaani F, K na L, zina 6 kila moja. Mtoto akianza kwa kudhani Z ni E, dakika 25 zitamwishia hapo hapo.

Kiswahili kina zawadi nyingine kwa mfumbuaji: maneno yetu huishia kwa irabu. Tazama mwisho wa kila neno kwenye lile fumbo. Utakuta Z, F na M tu. Bila kuhesabu chochote umeshapata irabu tatu kati ya tano. Tena maneno mawili yanaanza na ZLZ. Z ikiwa A, hiyo ni "ana", basi L ni N, na LZ ni NA. Neno la mwisho, KGFLF, lina F ambayo tunajua ni irabu na L ambayo ni N. Ukijaribu MJINI linakaa vizuri, na K inakupa MAMA papo hapo.

Sasa swali lako, Mwalimu Chaki. Anayekatwa ni mtungaji, tena kwenye haki. Kijana apewe 6 zake zote.

Sababu ni hii. Herufi B kwenye ujumbe wa binti imo ndani ya neno moja tu, BABA. Kwa mfumbuaji, IZIZ ni neno lenye umbo la hiki-a-hiki-a. K haijatumika popote kwenye ujumbe, kwa hiyo KAKA inaingia. S nayo haijatumika, kwa hiyo SASA inaingia pia: "Sasa analima mahindi Njoro." Ni sentensi nzima kabisa. MAMA haiingii kwa sababu M imeshashikwa, na DADA haiingii kwa sababu D imo kwenye MAHINDI. Halafu L nayo iko kwenye neno moja tu, ANALIMA, na P haijatumika, kwa hiyo ANAPIMA inaingia. Maneno matatu mara mawili, fumbo lina angalau majibu sita yenye maana. Binti alikuwa na moja kichwani, mengine matano hakuyaona.

Na ndiyo maana urefu peke yake hauponyi. Mwanahisabati Claude Shannon aliandika mwaka 1949 kwamba kwa Kiingereza, fumbo la aina hii likishafika herufi 30 hivi, kwa kawaida linabaki na jibu moja tu. Hapa tuna 46 na bado majibu ni sita, kwa sababu utata unakaa kwenye herufi moja moja. Mtoto anaweza kuandika herufi 150, akaweka B kwenye BABA tu, na ukakuta ugonjwa ni ule ule.

---

HesabuMolo

Nimekubali kuhusu A. Lakini kwenye urefu sijashindwa kabisa. Ukiandika herufi 150, uwezekano wa B kutokea mara moja tu ni mdogo. Kwa hiyo urefu unasaidia.

---

NyarDunga

Unasaidia, nakubali. Ila si kipimo. Huwezi kumpa mtoto alama 8 za haki kwa kuwa ameandika sana.

---

ChakiNyeupe

Mwalimu NyarDunga, asante sana, nimeona mwanga. Lakini kuna jambo jingine. Yule kijana alipoteza kama dakika kumi kwenye LGMPM. Alikuwa ameshapata N na A, akaamini neno ni NJUGU, kwa kuwa mahindi na njugu huenda pamoja. Alipofika ZLZSYZ akakwama, akarudi nyuma. Na hilo nalo nimkate mtungaji?

---

NyarDunga

Hapana, na hapo ndipo penye somo lenyewe. NJUGU na NJORO zina umbo moja, kwa hiyo mtego upo. Lakini fumbo lenyewe linaukana. Ukiweka U kwenye M, huwezi tena kuiweka kwenye S, na bila U neno la ZLZSYZ halisomeki: ukijaribu O unapata ANAOZA, mama anaoza maziwa, hakuna. Mfumbuaji anarudishwa njiani na herufi, si na mtungaji. Huo ni ugumu wa haki. KAKA na SASA hakuna herufi inayozikana. Hata ukikaa na lile daftari mpaka usiku hutapata sababu ya kuzikataa.

Kwa hiyo kwenye mwongozo wako wa kusahihisha usiandike "fumbo lisiwe gumu". Andika kwamba kila jibu la uongo lazima ligonge ukuta ndani ya fumbo lenyewe.

Na kabla ya kubadilishana, wape dakika tano za jaribio hili. Kila mtungaji apigie mstari herufi za ujumbe wake ambazo zimo ndani ya neno moja tu. Kwa binti wako ni B, L, H, D, O, R, U na W. Kisha aandike pembeni herufi ambazo hakuzitumia kabisa. Achukue kila herufi iliyopigiwa mstari, ajaribu kuiwekea zile za pembeni. H na D za MAHINDI hazitikisiki, neno linavunjika. W ya MAZIWA haitikisiki. B na L zinatikisika, basi hizo ndizo za kurekebisha.

---

MzaziBahati

Samahani walimu, mimi ni mzazi tu, lakini naona mnaongea kuhusu barua za siri za wanafunzi na nimefurahi kupata wa kumuuliza. Nilikuwa nafua sare za kijana wangu wa kidato cha kwanza nikakuta karatasi mfukoni imeandikwa OHWD SHVD. Nimemuuliza, ananyamaza. Nimekosa usingizi. Haya mnayowafundisha si ndiyo wanatumia kufichia mambo mabaya?

---

ChakiNyeupe

Mama, pole kwa wasiwasi. Somo letu ni la darasani na kila kitu kinafumbuliwa hapo hapo mbele yangu. Wacha wajuzi waitazame hiyo karatasi.

---

NyarDunga

Mama, karatasi inasema LETA PESA. Kila herufi imesogezwa mbele hatua tatu: L imekuwa O, E imekuwa H, hivyo hivyo hadi mwisho. Ni njia ya Julius Kaisari wa Roma, na vijana wengi huanzia hapo. Inaonekana kuna mtu anadaiwa. Zungumza naye taratibu kuhusu pesa, usianze na karatasi.

Walimu, itazameni hiyo karatasi kwa jicho la haki. Herufi ni nane tu. Kama ufunguo ungekuwa wa kuchanganya ovyo, hata SOMA HOJA au TOKA MOJA ingekubali. Lakini kwa kuwa ni kusogeza, kuna njia 25 tu za kujaribu, na ukizijaribu zote hapa, LETA PESA ndiyo inayosomeka. Kwa hiyo mtungaji aandike juu ya fumbo ni ufunguo wa aina gani: wa kusogeza, wa neno, au wa kuchanganya. Hiyo iwe sehemu ya zile 6 za uwazi. Bila kuambiwa aina, mfumbuaji anatafuta mlango kwenye nyumba asiyoijua.

---

MzaziBahati

Leta pesa. Nimeelewa sasa, kuna safari ya shule ambayo hajalipa, nadhani mwenzake alimlipia. Mungu awabariki walimu.

---

MiwaMumias

Mwalimu ametaja ufunguo wa neno, niwaambie yaliyonipata. Mimi niliwaruhusu wachague neno, waandike herufi zake bila kurudia, kisha waendelee na alfabeti iliyobaki. Nusu ya darasa ikachagua KAKAMEGA kwa mapenzi ya kwao. Tazameni:

```
A B C D E F G H I J K L M N O P Q R S T U V W X Y Z
K A M E G B C D F H I J L N O P Q R S T U V W X Y Z
```

Kuanzia N hadi Z hakuna kilichobadilika. SHULE YETU ikawa SDUJG YGTU. Watoto walikuwa wanasoma tu kama Kiswahili kilichopakwa matope. Hata NAKURU na KISUMU hazifai, zinaacha V hadi Z kama zilivyo, na sisi W, Y na Z tunazitumia kila sentensi. Kosa ni kwamba herufi zote zinazokuja baada ya ile ya mwisho kabisa ya neno lako kwenye alfabeti zinabaki mahali pake. Sasa nawalazimisha neno liwe na Z ndani yake. Nikikagua lile fumbo la binti wa Njoro, naona alitumia ZIWA. Hakuna herufi hata moja iliyobaki kwake. Huyo binti ana akili.

Kitu kingine ni ng'. Mtoto akiandika NG'OMBE na akaacha ile alama ya juu, amemwambia mwenzake N na G bure. Mimi nawaambia waifute.

---

NyarDunga

Hapo kwenye ng' sikubaliani nawe, mwalimu. Ukifuta alama, NG'OMBE inakuwa NGOMBE, si tahajia sahihi, na tunafundisha Kiswahili. Mimi naiacha, nikiwaambia kuwa ni msaada wanaoutoa kwa hiari.

---

MiwaMumias

Basi kila mtu na darasa lake. Mimi nitaendelea kuifuta kwenye fumbo na kuirudisha kwenye jibu.

---

ChakiNyeupe

Nimekaa na binti mchana huu, tumetengeneza upya. Sasa ni BABU NA BABA WANALIMA SHAMBA LA MAHINDI NJORO NA MAMA ANAUZA MAZIWA MJINI. B imo kwenye maneno matatu. L imo kwenye WANALIMA na LA, na "shamba pa" hakuna, kwa hiyo kupima kumeondoka.

```
IZIS LZ IZIZ UZLZJFKZ QEZKIZ JZ KZEFLAF LGMPM LZ KZKZ ZLZSYZ KZYFUZ KGFLF
```

---

HesabuMolo

Nimejaribu kuuvunja. TATU NA TATA! T haijatumika. BABU na BABA zote mbili zinageuka na bado ni maneno.

---

ChakiNyeupe

Na SHAMBA? Itakuwa SHAMTA.

---

HesabuMolo

Kweli. Shamba ndilo limefunga mlango. Nilidhani kuirudia B kwenye babu kungetosha, kumbe maneno mawili yanaweza kuhama pamoja.

---

NyarDunga

Hiyo ya kuhama pamoja ni nzuri, waonyeshe darasani. Ila mimi bado nina neno na NJORO. Wanafunzi wako wataijua kwa sababu wanaipita kila siku. Wangu wa huku Kisumu, mtoto wa kidato cha kwanza hajawahi kuisikia, na O na R hazipo penginepo kwenye fumbo. Ataiacha na mapengo matatu. Wangu nao huandika majina ya kwao, DUNGA, KONDELE, na mwenzao aliyetoka Pwani anabaki kutazama. Mimi nimekataza majina ya mahali na ya watu isipokuwa kila herufi yake imo kwenye neno jingine la kawaida.

---

MiwaMumias

Ukikataza majina unawaondolea ladha. Mtoto anataka kuandika kwao.

---

ChakiNyeupe

Mimi nitaacha kwa mara hii kwa kuwa wote ni wa hapa. Nitarudi Ijumaa jioni.

---

ChakiNyeupe (Ijumaa usiku)

Nimerudi. Dabo haikutosha. Lile jaribio la kupigia mstari lilikula dakika 15 badala ya 5, kwa sababu waliponiona nikimkuta mmoja na DADA inayogeuka BABA, wote wakataka kukagua upya. Nikaukata muda wa kusahihisha, nimebeba madaftari nyumbani.

Kila fumbo nililipeleka kwa wafumbuaji wawili, ili mtungaji asihukumiwe kwa udhaifu wa mtu mmoja. Wote wawili wakikwama mahali pamoja, mtungaji anapoteza. Akikwama mmoja tu, hapotezi kitu. Wakileta majibu mawili tofauti yanayokubaliana na fumbo, haki inashuka hadi 4, tena wafumbuaji wote wanapata alama kamili.

Kwenye uwazi, makosa mengi hayakuwa ya mwandiko. Yalikuwa ya kuvisha: herufi moja inapewa nguo mbili. Kijana mmoja aliandika SUKARI NA CHAI, A ya SUKARI akaivisha vizuri, A ya CHAI akaivisha kama E. Wafumbuaji wake wote wawili waliandika CHAI bila kusita, mmoja akachora duara kwenye kosa na kuandika pembeni "hapa umeteleza". Mtungaji mwenyewe hakuwa ameliona.

Hapo ndipo nimekwama tena. Uwazi nimemkata 2, hilo halina mjadala. Lakini haki? Jibu lilikuwa moja tu na wote wawili wamelifikia.

---

MiwaMumias

Mkate. Fumbo lenye kosa si la haki, mfumbuaji anaanza kutilia shaka hata herufi alizopata sawa.

---

NyarDunga

Mimi nisingemkata mara mbili kwa kosa moja. Wale wafumbuaji walitumia dakika ngapi pale kwenye CHAI? Kama uliwaandikisha muda, tazama hapo kwanza.

---

ChakiNyeupe

Mmoja ameandika dakika 2. Mwingine aliyechora duara ameandika 9.